Stesheni za Ujerumani: subiri neno "heute"

Matangazo ya treni Ujerumani yanatisha kwa sababu spika zinakoroma na maneno yanakwenda mbio, lakini karibu yote yana mpangilio mmoja. Linatangulia jina la treni, kisha inakokwenda, kisha saa ya kuondoka kwa ratiba. Habari yenyewe huja mwisho, na mara nyingi hufunguliwa na "heute", yaani leo. Mimi siku hizi ndilo ninalolisubiri.

Tuseme uko Köln, unakwenda Bonn kwa treni ya RE 5. Unasikia: "Information zu RE 5 nach Koblenz Hauptbahnhof, über Bonn Hauptbahnhof, Abfahrt 14 Uhr 32, heute circa 20 Minuten später." Treni yako itachelewa kama dakika 20. Baada ya hapo huja "Grund dafür ist", sababu ya kuchelewa, na hiyo unaweza kuiacha ipite. Ukisikia "heute von Gleis 5", beba begi lako uende, maana treni imehamishiwa jukwaa la 5. "Fällt heute aus" ndiyo mbaya kuliko zote: treni haiji kabisa. Tena angalia, treni inakwenda Koblenz, na Bonn imetajwa njiani tu, baada ya "über", yaani kupitia. Anayesubiri kusikia Bonn kama mwisho wa safari ataachwa hapo hapo jukwaani.

Saa nazo zina mitego. 32 hutamkwa zweiunddreißig, mbili ikitangulia thelathini. Na mtu akikwambia treni ni "halb drei" mchana, kwa saa zetu ni saa nane na nusu, si tisa na nusu. Wao wanahesabu nusu ya kuelekea saa inayofuata.

Ukiwa na shaka, muulize jirani swali la ndiyo au hapana: "Entschuldigung, hält dieser Zug in Bonn?" Uliza "hält", inasimama, kwa kuwa treni inaweza kupita mji wako bila kusimama. Ukimuuliza tangazo limesema nini, atakumwagia Kijerumani kingine.

Kwenye dirisha la tiketi sema "Einmal nach Bonn, einfach, bitte" kwa kwenda tu, au "hin und zurück" kwa kwenda na kurudi. Kisha uliza: "Muss ich die Fahrkarte noch entwerten?" Tiketi nyingine, hasa za mjini, lazima uzigonge muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Ukikutwa haijagongwa, faini ni euro 60, na kusema hukujua hakusaidii.

Kwa safari ndefu, tiketi ya bei nafuu iitwayo Sparpreis hukufunga kwenye treni moja. Ila ikionekana utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho, "Zugbindung", huondoka na unaweza kupanda treni nyingine. Piga picha ubao unaoonyesha ucheleweshaji, umwonyeshe mkaguzi akiuliza.