Kikao cha fedha na kikao cha mazungumzo: pa kuukata mkutano wa kikundi uliolemewa

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, tuko watu 25, tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa 8 mchana. Kikao tulikipanga kiwe cha saa mbili na nusu, siku hizi tunatoka saa 12 jioni na wengi wameshaondoka. Nataka nipendekeze tukigawe viwili vifupi, lakini nikigusia tu watu wananuna. Wengine wanasema nawaongezea vikao, wengine wanahisi kuna jambo viongozi tunataka kulificha. Nikikate wapi, na niwaelezeje?*

Marahaba, Katibu. Kabla hujapendekeza lolote, keti vikao viwili na saa yako mezani, uandike kila shughuli imeanza lini na kuisha lini. Usimtangazie mtu, andika tu pembeni ya daftari la muhtasari. Vikundi vya ukubwa wenu nilivyovifundisha hutoa hesabu inayokaribia hii: kufungua na kuita majina dakika 10, mfuko wa jamii dakika 12, hisa dakika 2 kwa kila mtu, yaani 50, marejesho ya watu 12 kwa dakika 3 kila mmoja, yaani 36, maombi 8 ya mkopo kwa dakika 6, yaani 48, mengineyo dakika 70, na kuhesabu fedha na kufunga sanduku dakika 15. Jumla ni dakika 241, saa nne na dakika moja. Kwa hesabu hiyo hakuna mzembe wa kulaumiwa, kazi yenyewe ndiyo nyingi kuliko muda. Lakini ukikuta nusu saa nzima inapotea mkisubiri wachelewaji, usigawe kitu kwanza, maana utakuwa na vikao viwili vinavyochelewa badala ya kimoja.

Sasa pa kukata. Kosa la kwanza ambalo kila mtu hulifikiria ni kukata katikati ya fedha: hisa na marejesho siku moja, mikopo siku nyingine. Nimewahi kukubali kikundi kimoja kifanye hivyo, na ninajuta hadi leo. Jumamosi walikusanya, wakahesabu, wakaandika 1,340,000, wakafunga. Jumapili walipofungua ili wakopeshane, zikahesabika 1,320,000. Kufuli tatu zote zilikuwa nzima, kila mwenye ufunguo alikuwa na ufunguo wake. Huenda noti mbili za elfu kumi zilihesabiwa mara mbili jioni ile giza likiingia, huenda siyo. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, na kikundi kilinung'unikiana miezi miwili mpaka wanachama watatu wakajitoa.

Sababu iko kwenye namna vikundi hivi vilivyoundwa. Mfumo wa vikundi vya aina hii ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kinachoilinda fedha yao si daftari peke yake, ni macho ya watu wote waliokaa pale: kila shilingi iingie na itoke mbele yao, katika kikao kile kile. Fedha inayoingia leo kama hisa na rejesho ndiyo inayotoka leo kama mkopo, kwa hiyo sanduku hurudi nyumbani jepesi na kila mtu anajua limebaki na nini. Ukiikata fedha katikati, unalilaza sanduku likiwa limejaa, na unavunja ule mnyororo wa macho.

Kwa hiyo kata hapa: yanayohitaji sanduku kuwa wazi yakae pamoja, yasiyolihitaji yakae kivyake. Hisa, mfuko wa jamii, marejesho, utoaji wa mikopo na hesabu ya kufunga ni kikao cha fedha, nacho kibaki Jumamosi yenu ile ile. Marekebisho ya katiba, kesi za nidhamu, mafunzo, mradi wa kikundi na wageni wanaokuja kunadi bima au mbegu ni kikao cha mazungumzo.

Maombi ya mkopo yako katikati, na ndiyo yanayokula muda. Yagawe yenyewe. Kumsikiliza mwombaji, kumuuliza anakopa kwa kazi gani na kuwasikia wadhamini wake hakuhitaji sanduku, kwa hiyo kuingie kwenye mazungumzo. Kuamua nani apate kiasi gani kunahitaji kujua fedha iliyopo siku hiyo, basi kubaki Jumamosi. Kwa sababu hiyo kikao cha mazungumzo kitangulie siku chache, tuseme Jumatano saa 10 alasiri. Kuna faida moja ambayo sikuitarajia nilipoanza kufundisha hivi: mtu aliyesikia Jumatano kuwa jirani yake anaomba laki nne za kununulia mashine ya kukoboa anakuwa na siku mbili tatu za kuulizia kama mashine yenyewe ipo na inauzwa bei hiyo. Katika kikao cha saa nne hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuliza. Watu wananyoosha mikono ili waende nyumbani.

Rudi kwenye hesabu. Dakika 6 za kila ombi zinakuwa 3 Jumatano na 3 Jumamosi. Kikao cha fedha kinafika dakika 147, unafungua saa 8 na kufunga karibu saa 10 na nusu. Mazungumzo yanachukua dakika 94, weka saa moja na dakika 40 pamoja na salamu na mahudhurio. Jumlisha uone: muda wote ni ule ule, pengine umezidi kidogo. Hili usiwafiche wanachama wako. Wengi huharibu maelezo yao hapa kwa kuahidi kuwa muda utapungua, na mwezi wa pili mtu mmoja mwenye hesabu kali anasimama na kuwaumbua.

Sababu ya kweli ni nyingine, na unaweza kuionyesha kwa macho. Wanaoondoka saa 11 ni mama mwenye mtoto mchanga, mwenye genge anayefungua jioni, anayewahi gari la mwisho. Wanakosa mwisho wa kikao, na hapo ndipo ilipo sehemu kubwa kuliko zote: wahesabu fedha wanamaliza noti juu ya kitambaa, katibu anasoma salio la mkopo na salio la jamii, wanachama wanarudia kwa sauti, halafu kufuli zinafungwa moja moja. Asiyekuwepo hana salio kichwani. Jaribu kikao kijacho, mara tu mnapofungua na kabla hujasoma daftari: waombe watu watano, mmoja mmoja, wataje salio la mwezi uliopita. Ukisikia tarakimu tatu tofauti, hoja yako imeshajieleza.

Hapo hapo ndipo pa kuwaambia, watu wote 25 wakiwa wamekaa. Usiliweke kwenye mengineyo, maana utakuwa unawaelezea waliobaki jambo linalowahusu walioondoka, na kesho wataambiwa mliamua bila wao. Na usilianzishe kwenye simu. Kabla ya siku hiyo pita kwa wenye funguo tatu, kwa mwenyekiti, na kwa yule mwanachama anayetoka mbali zaidi. Huyu wa mwisho ndiye atakayeongezewa nauli, asikie kwako kwanza na akwambie siku gani inamfaa.

Ningekuwa wewe ningesema hivi, kwa maneno haya haya:

"Ndugu zangu, vikao viwili vilivyopita nimeandika saa. Tulitumia saa nne. Tulifungua tukiwa 25, tulipofunga sanduku tulikuwa 14. Watu 11 hawakuona fedha yao ikihesabiwa, na leo mmesikia wenyewe salio likitajwa namna tatu. Naomba Jumamosi ibaki ya fedha tupu, tumalize saa 10 na nusu tukiwa wote. Mazungumzo yaende Jumatano kabla yake, na Jumatano sanduku haliji. Jumla ya muda haitapungua, na wapo watakaotembea mara mbili, hilo nalijua. Tujaribu miezi mitatu, halafu tuamue tena kwa kura."

Weka idadi zako mwenyewe pale penye 25 na 14. Zihesabu kweli, mlangoni.

Neno la kuondoa shaka katika maelezo hayo ni "sanduku haliji". Anayehisi viongozi wanaficha jambo anaogopa fedha kuguswa yeye hayupo. Basi Jumatano isipokelewe hata shilingi mia. Faini ya kuchelewa iandikwe, ilipwe Jumamosi. Na hapa patajaribiwa mapema kuliko unavyodhani: mtu atakuja Jumatano na rejesho lake mkononi, "Katibu, Jumamosi nasafiri, nishikie." Ni mwaminifu, ana haraka, na wewe utaona haya kumkatalia. Mkatalie kwa upole. Ampe mwenzake fedha na kitabu chake, alipiwe Jumamosi mbele ya watu. Ukishika mara moja, mwezi unaofuata watashikisha wanne, na una sanduku la pili mfukoni mwako lisilo na kufuli.

Mtu aliyekosa Jumatano asipoteze haki yake. Mwanzoni mwa utoaji wa mikopo soma kila ombi kwa sentensi moja, jina, kiasi, kazi, wadhamini, kisha uulize kama kuna mwenye neno. Mambo ya kupigiwa kura kwa mujibu wa katiba yapigiwe kura pale tu akidi inapotimia. Isipotimia Jumatano, mnazungumza na kura inasubiri. Kama katiba mliyosajilia inataja mkutano mmoja kwa mwezi, jaribio lenu lenyewe lipitishwe kwa utaratibu ambao katiba imeuweka, na liandikwe kwenye muhtasari lina mwanzo na mwisho.

Katika miezi hiyo mitatu hesabu vitu viwili tu. Cha kwanza ni watu waliopo kufuli ya tatu inapofungwa. Cha pili ni wangapi kati ya watano unaowauliza wanataja salio sawasawa. Vikipanda, mgawanyo unafanya kazi. Jumatano ikishuka hadi watu saba wanane, usikimbilie kuongeza faini, badilisha kwanza siku au saa, huenda umeangukia siku ya mnada. Na ukiona mtu Jumamosi anasimama na "kajambo kadogo tu," liandike kwenye ajenda ya Jumatano ijayo mbele yake, kwa jina lake, umsomee ulichoandika, kisha uite kitabu kinachofuata.