Kifurushi cha mwezi saluni ya kunyoa: faida iko wapi?

Swali: Nina saluni ya kiume Sinza, viti vitatu. Kunyoa na skrabu ni 10,000, kinyozi anachukua asilimia 40. Nataka wateja wa kudumu walipe 30,000 kwa mwezi, waje wanavyotaka. Nitajuaje kama nina faida kweli?

Jibu: Ndugu yangu, hilo la "waje wanavyotaka" liondoe kabla hujachapisha kadi. Kila kichwa kinakugharimu upya: kinyozi anataka chake, wembe ni mpya, taulo linafuliwa. Weka kikomo cha mara nne, ndani ya siku 30 tangu siku aliyolipa.

Sasa tafuta gharama ya kichwa kimoja. Kamisheni ni 4,000. Wembe, spiriti, skrabu, krimu na kufua taulo tuseme 1,200. Wewe pima ya kwako kwa kuangalia kopo moja la skrabu linahudumia vichwa vingapi. Jumla 5,200, kwa hiyo mteja wa fedha taslimu anakuachia 4,800 ya kulipia kodi, LUKU na faida yako.

Wengi wakifika hapa wanakosea. Wanaona mara nne ni 20,800, wanatoa kwenye 30,000, wanabakiwa na 9,200, wanafurahi. Lakini 9,200 hiyo usiilinganishe na sifuri. Ilinganishe na kile mteja huyohuyo alichokuwa anakuachia kabla ya kifurushi. Aliyekuwa anakuja mara mbili alikuachia 9,600, kwa hiyo akizitumia zote nne umepoteza 400. Aliyekuwa anakuja kila wiki alikuachia 19,200, na kwake unapoteza 10,000 kila mwezi. Na huyo wa kila wiki ndiye atakayekuwa wa kwanza kununua, kwa sababu hesabu yake anaijua.

Ukipandisha bei hadi 35,000, unabakiwa na 14,200. Wa mara mbili anakuongezea 4,600, wa mara tatu anakupunguzia 200 tu, wa mara nne anakupunguzia 5,000. Chukua wanachama 20: kumi walikuwa wa mara mbili, wanne wa mara tatu, sita wa mara nne. Unapata 46,000, unatoa 800 na 30,000, inabaki nyongeza ya 15,200. Wageuze, wa mara mbili wawe sita na wa kila wiki wawe kumi: bei ni ileile, ila sasa umepungukiwa 23,200. Ndiyo maana kabla ya kupanga bei, fungua daftari au taarifa ya lipa namba ya miezi mitatu, uhesabu kila mteja amekuja mara ngapi. Kifurushi kiuze kwa kumfuata mtu, ukianza na wale wa mara mbili, usikibandike mlangoni.

Wa kila wiki usimwache hivihivi, ila mpe siku, usimpe punguzo la jumla. Kifurushi kitumike Jumatatu hadi Alhamisi, viti vinapokuwa vitupu. Jumamosi jioni mwanachama akikaa kitini na mteja wa 10,000 akachoka kusubiri akaondoka, umepoteza ile 4,800 yake juu ya punguzo ulilokwisha kutoa.

Kamisheni ya kinyozi iache 4,000 ileile. Ukimkata, atawahudumia wa taslimu kwanza na mwenye kadi atasubiri hadi achoke, mwezi ujao halipi. Kumbuka tu kwamba kamisheni sasa ni 16,000 katika 35,000, karibu asilimia 46. Ukiona fungu la vinyozi linapanda kwenye mapato yote wakati vichwa vinaongezeka, ujue vifurushi vinakula mauzo ya taslimu.

Hela ikiingia, tenga 20,800 ya kila kadi kwenye laini nyingine. Kila mwanachama akinyolewa, toa 5,200. Ukiilipia kodi yote tarehe 1, tarehe 20 vinyozi watadai na droo iko tupu. Kadi iandikwe jina na namba ya simu, na mteja asaini kila anapohudumiwa, la sivyo kadi moja itanyoa ndugu watatu.

Anza na watu 10 kwa miezi miwili. Mwisho wa mwezi, kwa kila kadi, andika alicholipa, toa 5,200 kwa kila mara aliyokuja, kisha toa kile alichokuwa anakuachia zamani. Atakayetumia mara tatu tu atakuachia 19,400, lakini usipange bei kwa kutegemea hilo: asiyetumia kadi yake kwa kawaida hairudii. Jumla ya kadi zote ikiwa chini ya sifuri miezi yote miwili, usiuze kadi mpya. Zilizopo zihudumie hadi ziishe, halafu pandisha bei au punguza mara ziwe tatu.