Maswali na majibu: mteja kaona posti tatu, sifa ya mauzo apewe nani?

Meta wanasema matangazo yameleta mauzo 40, TikTok wanasema 30, na kwenye Lipa Namba nimepokea malipo 45 tu. Nani mwongo? (Muuza mikoba, Kariakoo)

Hakuna aliyedanganya. Wamehesabu wateja walewale. Kila jukwaa linaona matangazo yake tu, na halina habari kwamba mteja huyo alipita pia kwa jirani. Kwa mpangilio wa kawaida Meta hujihesabia kila aliyenunua ndani ya siku 7 tangu abofye tangazo, pamoja na aliyeliona tu bila kubofya akanunua ndani ya siku 1. TikTok huanza na mpangilio kama huo. Ukijumlisha 40 na 30 unapata 70, na malipo ni 45, kwa hiyo mauzo yasiyopungua 25 yamedaiwa na wote wawili.

Hesabu yako ya kweli ni 45. Anzia hapo kila mara. Kisha fungua Ads Manager ulinganishe safu ya `7-day click` na ya `1-day view`. Ukikuta sehemu kubwa ya yale 40 imetokana na kuona tu, punguza imani yako kwa namba hiyo, kwa sababu anayepitisha kidole kwenye simu huona matangazo mengi ya vitu ambavyo angenunua hata bila kuyaona.

Modeli ipi ya kugawa sifa ya mauzo ni bora kuliko zote? (Wasomaji wengi, kila wiki)

Naombeni mniandikie mnataka kuamua nini. Bila uamuzi ulio mbele yako, swali hili halina jibu.

Mteja aliona video yetu TikTok. Wiki moja baadaye akabofya posti ya Instagram. Wiki iliyofuata akabofya tangazo la kumrudisha dukani, akanunua siku hiyohiyo mkoba wa shilingi 105,000. Tugawe vipi? (Msomaji, Mbeya)

Hili ndilo swali zuri, maana lina tarehe na bei.

Mguso ni kila mara mteja alipokutana na posti au tangazo lenu. Modeli ya mguso wa mwisho inalipa tangazo la kumrudisha 105,000 zote. Ya mguso wa kwanza inaipa TikTok zote. Ya mgawo sawa inatoa 35,000 kwa kila mmoja. Ile inayothamini ncha mbili hutoa asilimia 40 mwanzo, 40 mwisho na 20 katikati: TikTok 42,000, Instagram 21,000, tangazo 42,000. Ile ya kufifia kwa muda hupunguza uzito wa mguso kwa nusu kila siku 7 zinazopita kabla ya kununua. Hapo tangazo lina uzito 1, Instagram nusu, TikTok robo, nawe unapata 60,000, 30,000 na 15,000.

Tazama TikTok ilivyohama kutoka sifuri hadi 105,000 na mteja ni yuleyule. Hakuna hata modeli moja kati ya hizi iliyouliza kama mteja angenunua bila ile video. Zote zinagawa fedha iliyokwisha kuingia kwa kanuni iliyoandikwa kabla mteja huyo hajazaliwa kwenye daftari lako.

Kama lazima uchague, mguso wa kwanza utumie kutafuta posti zinazoleta sura mpya, na mguso wa mwisho kuona zinazofunga biashara. Ziweke safu mbili, bega kwa bega, na usizichanganye. Posti inayoshindwa kwenye safu zote mbili kwa miezi kadhaa ndiyo ya kwanza kuishuku.

Siioni modeli ya mgawo sawa kwenye Google Analytics. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Hujakosea. Google waliiondoa mwaka 2023, pamoja na mguso wa kwanza, kufifia kwa muda na ile ya ncha mbili. Unayefuata masomo yake anafundisha ya zamani. Sasa chaguo la kawaida ni `Data-driven`, inayolinganisha njia za walionunua na za wasionunua kisha kukadiria mchango wa kila mguso. Imezipita kanuni za kubuni, lakini haioni aliyetazama video yako Instagram bila kubofya, na duka lenye mauzo machache haliipi cha kujifunzia.

Na viungo mnavyoweka kwenye posti zenu vina makosa. `Instagram` na `instagram` huhesabiwa kama vyanzo viwili. Andikeni hivi, kwa herufi ndogo siku zote:

```
https://example.com/mkoba?utm_source=instagram&utm_medium=paid_social&utm_campaign=mikoba_juni
```

Basi tuamini nini? (Mwenye duka la mtandaoni, Arusha)

Amini jaribio la kuzima. Mwaka 2012 eBay walisitisha matangazo ya Yahoo na MSN kwa watu waliotafuta jina la eBay lenyewe. Wachumi Blake, Nosko na Tadelis, waliochapisha matokeo mwaka 2015, walikuta asilimia 99.5 ya mibofyo hiyo ilirudi kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Mguso wa mwisho ulikuwa unayasifu matangazo hayo kwa watu waliokuwa tayari njiani.

Wewe fanya hivi. Tuseme wiki 4 zilizopita uliuza 300 Arusha na 200 Mwanza, na ripoti inadai mauzo 80 ya Mwanza yaliletwa na matangazo ya kurudisha wateja. Yazime Mwanza tu kwa wiki 4, mengine yote yabaki yalivyo. Arusha ikipanda hadi 330, yaani asilimia 10, Mwanza ulitarajia 220. Ukipata 212, pengo ni 8. Pengo dogo hivyo linaweza kuwa mabadiliko ya kawaida tu, kwa hiyo usitangaze kwamba tangazo lina thamani ya mauzo 8 kamili. Lakini kama kweli lilikuwa linaleta 80, ungeshuka karibu na 140, na hilo lisingejificha.

Usifanye jaribio hili wiki ya sikukuu wala wakati una punguzo mji mmoja. Na kama unauza mikoba 10 kwa mwezi, halitakuambia kitu, kwa sababu mauzo 3 zaidi au pungufu huja yenyewe.

Wateja wetu wote humalizia WhatsApp. Kila kitu kinaonekana kimetoka WhatsApp. (Muuza viatu, Mombasa)

Kwa sababu hapo ndipo njia inapokatika. WhatsApp ni kaunta yako, usiipe bajeti ya matangazo kwa sifa hiyo. Kabla ya kutaja bei, muulize kila mteja: "Ulituona wapi kwa mara ya kwanza?" Andika jibu lake kwa maneno yake kwenye daftari la oda. Watu husahau, na watataja zaidi video iliyowachekesha, ila utasikia pia majina ya magrupu na marafiki ambayo hakuna programu ingekuonyesha.

Wakala wetu anataka alipwe asilimia ya mauzo yanayoonekana kwenye ripoti ya Meta. Tukubali? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Mkataba huo unamlipa kwa kuwafuata watu waliokwisha kuweka mkoba kwenye kapu, maana hao ndio rahisi kudai. Mlipe ada ya kazi, na mwandikishane kwamba mara mbili kwa mwaka mtazima matangazo mji mmoja kwa wiki 4, na kwamba mji huo mtauchagua ninyi.