Nyumba ya Kilifi na Hesabu ya Siku 183

"Kaka, nimepata kazi Leicester, Uingereza, naja na mume na watoto. Nyumba ya Kilifi tutaifunga tu, tuwe tunarudi kila Desemba. Watu wanasema ukikaa Kenya chini ya siku 183 kwa mwaka, KRA haikudai chochote. Ni kweli?"

Kwa hali yako si kweli, dada, na kinachokufunga ni nyumba hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya huanza kwa kuuliza kama una makao ya kudumu nchini. Ukiwa nayo, kuwepo Kenya kwa muda wowote ndani ya mwaka kunatosha kukufanya mkaazi wa kodi kwa mwaka huo. Muda wowote, hata wikendi moja ya mazishi. Siku 183 ni kipimo cha asiye na makao ya kudumu. Naye pia ana mtego wa pili: wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka, ukihesabu mwaka husika na miwili iliyotangulia. Mtu aliyekaa Kenya siku 130, kisha 100, kisha 140, jumla yake ni 370 na wastani umepita 123. Hajagusa 183 hata mara moja, lakini mwaka wa tatu ni mkaazi. Tanzania ina vipimo hivi hivi, kwa hiyo wifi yako wa Tanga asidhani yeye amesalimika.

Safari za Desemba zina ubaya wake. Mwaka wa kodi wa Kenya ni Januari hadi Desemba. Ukitua Mombasa tarehe 20 Desemba na kuondoka tarehe 5 Januari, umegusa miaka miwili kwa likizo moja.

Sasa, makao ya kudumu ni nini? Si lazima yawe na hati ya jina lako. Hata nyumba ya kupanga inaingia. Kinachotazamwa ni kama mahali hapo pako tayari kwako wakati wote. Nyumba uliyoifunga, vitanda viko ndani, stima imelipiwa, ufunguo uko kwa shangazi: hiyo ni makao yako hata ikikaa miezi kumi na moja bila mtu. Ukimpa mpangaji asiye ndugu mkataba wa mwaka mzima, huna tena ruhusa ya kuingia na kulala, basi si makao yako kwa kipindi hicho. Kuipangisha kwa wageni wa siku chache huku umejiwekea Desemba hakukusaidii sana, maana nyumba bado iko mkononi mwako.

Watu huuliza, nikiwa mkaazi kuna hasara gani, si nimeshakatwa kodi Uingereza? Hapa ndipo hesabu inapouma. Kenya hutoza mshahara wa mkaazi hata kama kazi ameifanya nje. Kwa raia, kodi ya mapato aliyokatwa kule kwenye mshahara huo hupunguzwa kwenye deni la hapa. Tuseme mshahara wako ni pauni 30,000. Uingereza haigusi pauni 12,570 za mwanzo, na zilizobaki hukatwa asilimia 20, yaani pauni 3,486. Tukichukua pauni kwa shilingi 170, mshahara ni shilingi milioni 5.1 na kodi uliyolipa ni 592,620. Kwa viwango vya Kenya vilivyoanza Julai 2023, shilingi 288,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki, hadi kufikia milioni 6, asilimia 30. Ukitoa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800, kodi inafika 1,438,600. Ondoa uliyolipa Uingereza: bado 845,980. Na makato ya bima ya taifa ya Uingereza hayaingii kwenye hesabu hiyo, kwa sababu si kodi ya mapato.

Kinachoweza kufuta deni hilo ni mkataba wa kodi kati ya Kenya na Uingereza. Ukifanya kazi ya kutwa Leicester mwaka mzima, Uingereza nayo itakuita mkaazi wake, kwa hiyo mkataba unaamua nani akushike. Swali la kwanza ni makao ya kudumu yako wapi. Ukiwa nayo pande zote mbili, linafuata la maisha yako yameegemea wapi zaidi: mume na watoto wanaishi wapi, kazi iko wapi, akaunti na mali ziko wapi. Wewe unahama na familia nzima, hivyo mizani inaelekea Leicester, na ikishaelekea huko mshahara wa kazi ya huko unatozwa Uingereza peke yake. Lakini ukiwaacha watoto na baba yao Kilifi, usitarajie jibu hilo. Hilo ndilo la kuamua kabla ya kukata tiketi, si baada.

Mkataba haujitekelezi wenyewe. Omba HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, cheti cha ukaaji wa kodi kinachotaja mkataba wa Kenya na kipindi unachodai. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili, kwa hiyo ile P60, hati ya mshahara na kodi ya mwaka utakayopewa na mwajiri, haiendani na mwaka wa Kenya. Hifadhi hati za mshahara za kila mwezi ili uweze kupanga upya Januari hadi Desemba. Kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kuwasilisha ritani, tazama wajibu ulioandikwa kwenye PIN yako: "Income Tax - Resident Individual" ni tofauti na "Income Tax - Non-Resident Individual". Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuwasilisha ritani ya sifuri chini ya ule wa kwanza kila Juni. Kwa kufanya hivyo wanajitangaza wakaazi, na wakati huo huo wanasema hawakupata kitu. Kauli zote mbili zitawasumbua siku ya ukaguzi.

Usikimbilie kutokuwa mkaazi bila kupiga hesabu ya pango. Nyumba ukiipangisha kwa 30,000 kwa mwezi, mapato ni 360,000 kwa mwaka. Mkaazi hulipa asilimia 7.5, yaani 27,000. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote bila kutoa gharama, yaani 108,000, na mkataba hauzuii Kenya kutoza pango la nyumba iliyo ndani yake. Kwako mimi ningechagua kulipa hiyo 81,000 ya ziada, maana 845,980 ni deni kubwa zaidi. Mwenye mshahara mdogo na nyumba kadhaa huenda akapata jibu jingine.

Binamu yetu wa Dubai yuko pabaya zaidi. Kule mshahara haukatwi kodi, kwa hiyo hana cha kupunguza kwenye deni la Kenya. Kenya ina mkataba na Falme za Kiarabu, lakini lazima apate cheti cha ukaaji cha huko. Kwa aliye na kibali cha kuishi na kazi au makao kule, siku 90 ndani ya miezi 12 zinaweza kutosha. Aliye Marekani hana mkataba wa kutegemea kabisa.

Anza daftari la safari siku utakapoondoka. Uingereza hawagongi muhuri wa kutoka, kwa hiyo weka pasi za kupandia ndege. Kwa upande wa Kenya, hesabu siku ya kufika na ya kuondoka zote mbili ili usipunjike. Uingereza wao huhesabu siku ambayo saa sita ya usiku imekukuta ndani ya nchi. Kumbukumbu zote zitunze miaka mitano, na mkataba wa mpangaji uweke humo humo, wenye tarehe za kuanza na kuisha.