GB 8 za RAM na gemu za sasa: tazama kinachobaki baada ya kivinjari

Msomaji mmoja ameniandikia kwa masikitiko. Kompyuta yake mpakato ina RAM ya GB 8, kadi ya picha ya GB 4 na SSD. Gemu inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, lakini kila baada ya muda mfupi picha inaganda kidogo, kisha inaruka. Kila alikouliza amejibiwa "ongeza RAM" bila kuelezwa sababu. Anataka kujua kama GB 8 zimepitwa na wakati, au kuna kitu anakikosea.

Jibu langu ni kwamba GB 8 bado zinabeba gemu nyingi zikiwa peke yake. Counter-Strike 2 na Baldur's Gate 3 zote zinataja GB 8 kuwa kiwango cha chini. Lakini kiwango cha chini kinachukulia kwamba umefungua gemu tu. Ukiweka kivinjari chenye vichupo kumi na Discord nyuma yake, hesabu inabadilika kabisa. Na kwa gemu kama Elden Ring, inayotaja GB 12, au Alan Wake 2, inayotaja 16, GB 8 hazitoshi hata ukifunga kila kitu.

Tupige hesabu ya kompyuta kama ya msomaji huyu. Katika GB 8, Windows huonyesha takribani 7.8 zinazotumika, kwa sababu sehemu ndogo imetengwa kwa ajili ya vifaa. Windows 11 yenyewe, pamoja na programu zinazojiwasha nayo, mara nyingi inakaa kwenye GB 3 hivi. Kivinjari chenye vichupo kumi, viwili kati ya hivyo vikiwa na video, kinaweza kula GB 1.5 bila shida. Discord na Steam kwa pamoja zichukulie kama GB 0.8. Jumla ni GB 5.3, kwa hiyo gemu inabakiwa na GB 2.5. Gemu kubwa ya sasa inataka GB 5 au 6. Pengo la GB 3 haliondoki kwa kupunguza ubora wa vivuli.

Kama kompyuta yako haina kadi ya picha ya pekee, hali ni ngumu zaidi, kwani prosesa inachora picha kwa kutumia RAM hiyohiyo. Baadhi ya mashine hutenga GB 2 moja kwa moja, na utaona Task Manager inakuhesabia GB 5.9 tu badala ya 8.

Sasa, kwa nini gemu haizimiki pengo likiwa kubwa hivyo? Windows haisemi "nimeshiba". Kwanza inabana kurasa za kumbukumbu zisizotumika, yaani vipande vidogo vya data vilivyomo ndani ya RAM, nawe unaiona kazi hiyo ndani ya mabano kwenye "In use (Compressed)". Kisha inahamishia nyingine kwenye diski, ndani ya faili pagefile.sys. Gemu ikihitaji ukurasa uliohamishwa, inasimama na kusubiri usomwe tena kutoka kwenye diski. Hapo ndipo picha inapoganda.

Ukubwa wa mgando unategemea diski. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika. RAM inajibu ndani ya nanosekunde mia hivi. SSD ya NVMe inajibu ndani ya sehemu ya kumi ya milisekunde, na diski ya sahani inayozunguka ndani ya milisekunde 10 hivi. Tuseme gemu inahitaji kurasa 100, moja baada ya nyingine. Kwenye NVMe utapoteza milisekunde 10, na fremu itachelewa kidogo. Kwenye diski inayozunguka utapoteza sekunde nzima. Ndiyo maana watu wawili wenye GB 8 wanabishana bila mwisho, mmoja akisema zinatosha na mwingine akiapa hazitoshi. Mara nyingi tofauti yao haiko kwenye RAM, iko kwenye diski.

Na ndiyo maana wastani wa fremu unadanganya. Fremu 59 zikija kwa wakati na moja ikachelewa sana, kihesabio bado kitaonyesha karibu 60, ilhali jicho limeshaona mruko.

Kabla ya kununua chochote, pima. Wengi hufungua Task Manager, wanaona asilimia 88, wanaogopa. Asilimia hiyo peke yake si ugonjwa. Mfumo mzuri hutumia RAM iliyopo. Kinachotakiwa kujulikana ni mambo mawili yakiwa pamoja: RAM iliyobaki imeshuka sana, na kurasa zinasomwa kutoka kwenye diski wakati unacheza. Fungua Command Prompt, ingia kwenye folda unayoweza kuhifadhi faili, kisha andika:

```
typeperf "\Memory\Available MBytes" "\Memory\Pages Input/sec" -si 1 -sc 600 -o ram.csv
```

Amri hii inarekodi kila sekunde kwa dakika 10. Kama Windows yako iko katika lugha nyingine isiyo Kiingereza, majina hayo ya vipimo huenda yakatafsiriwa, na itabidi uyaandike kama yalivyo kwenye Performance Monitor yako. Cheza kama kawaida, programu zako zote zikiwa wazi. Kila picha inapoganda, angalia saa na uiandike. Ukimaliza, fungua ram.csv kwenye programu ya majedwali.

Safu ya kwanza ya vipimo inaonyesha megabaiti zilizobaki, ya pili inaonyesha kurasa zilizosomwa kutoka kwenye diski kwa sekunde. Usihangaike na sehemu ambazo gemu ilikuwa inapakia ramani, maana hapo diski lazima isomwe. Tafuta katikati ya mchezo. Ukiona zilizobaki ziko chini ya MB 500 na kurasa zinapanda ghafla hadi mamia au maelfu katika sekunde zilezile ulizoandika, umempata mwizi. Lakini zikibaki MB 1500 na kurasa zikakaa karibu na sifuri, GB 8 zako hazina hatia hata kama picha inaganda.

Kuna mgando mwingine unaofanana sana na huu, nao unawapotosha wengi. Gemu ikikutana na mwonekano mpya kwa mara ya kwanza, mlipuko au eneo jipya, inaweza kusimama ikiandaa programu ndogo za kuchora mwonekano huo. Mgando wa aina hiyo unatokea mara ya kwanza, ukirudi mahali palepale haupo. Mgando wa RAM hufanya kinyume: unazidi kadiri unavyocheza, na unakuwa mbaya zaidi ukitoka kwenye kivinjari kurudi kwenye gemu kwa Alt+Tab. Sekunde tatu za skrini iliyoganda baada ya Alt+Tab ni dalili ambayo sijawahi kuidharau.

Ukithibitisha kwamba ni RAM, anza na kivinjari, kwa sababu ndicho kinachokula zaidi baada ya gemu. Kwenye Chrome bonyeza Shift+Esc uone kila kichupo kinachukua kiasi gani, kisha funga vizito. Kukiondoa kivinjari kwenye skrini hakutoshi. Hata kukifunga kunaweza kusitoshe: ingia chrome://settings/system uzime kipengele cha "Continue running background apps when Google Chrome is closed". Kama unahitaji tu kuzungumza na wenzako wakati wa mchezo, hamishia Discord kwenye simu. Hatua hizo mbili zinaweza kurudisha GB 2, kiasi ambacho hakuna mpangilio wowote ndani ya gemu utakaokupa.

Ndani ya gemu kuna mpangilio mmoja wenye maana hapa, nao ni ubora wa tekscha. Fungua Task Manager, upande wa GPU, utazame "Dedicated GPU memory" na "Shared GPU memory". Kadi ya GB 4 ikijaa, ziada inamwagikia kwenye RAM, nayo inaonekana kwenye Shared. Ikiwa imefika GB 1 au zaidi, shusha tekscha ngazi moja, uanzishe gemu upya, utazame tena. Kushusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p kunapunguzia kadi kazi, lakini kwa RAM hakusaidii sana.

Yako mambo mawili yanayosambazwa kama dawa, nami nayapinga waziwazi. La kwanza ni programu za "kusafisha RAM". Zinalazimisha kurasa kuondoka mahali zilipo, namba inapendeza kwa dakika moja, halafu gemu inazihitaji na kuzirudisha, na mgando unaongezeka. La pili ni kuzima faili la kurasa, lile la pagefile.sys. Kwenye Task Manager utaona "Committed" ikiwa na namba mbili, mfano 11.2/15.5 GB. Namba ya pili ni RAM pamoja na faili hilo. Ukilizima, inashuka hadi karibu 8, na siku namba ya kwanza ikigonga ya pili, gemu inafungwa palepale bila kuhifadhi ulipofikia. Kama tayari inakutokea, tafuta tukio namba 2004 la Resource-Exhaustion-Detector kwenye Event Viewer, ndani ya System. Litakutajia programu zilizokula zaidi. Acha Windows isimamie ukubwa wa faili hilo, na liwe kwenye SSD.

Na kama unataka kivinjari kiwe wazi wakati wote, hapo usihangaike na ujanja, ongeza RAM. Kwenye Task Manager, sehemu ya Memory, soma "Slots used". Ikiwa ni 1 of 2, kipande kimoja cha GB 8 kinakufikisha 16, na faida ni mbili, kwa sababu vipande viwili vinafanya kazi kwa njia mbili sambamba badala ya moja. Kwa anayetegemea picha za prosesa, njia hiyo ya pili inaongeza fremu hata kwenye gemu ambazo RAM haikuwa imejaa. "Form factor" ikisoma "Row of chips", RAM hiyo imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo hakikisha kwanza kama kuna sloti nyingine. Zingatia kizazi: DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR5. Kasi zikitofautiana, zote zitaenda kwa ile ya chini, na hilo halina madhara makubwa.

Ukishaweka, rudia amri ileile ya typeperf, kwenye gemu ileile, vichupo vilevile vikiwa wazi. Kurasa zikitulia na picha ikaacha kuruka, umemaliza. Zikitulia na picha bado inaruka, rudi kwenye namba ya "Dedicated GPU memory": huenda kadi ya GB 4 ndiyo iliyojaa tangu mwanzo.