Ruhusa ya Shughuli ya Nyumbani: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Sendofu ya mdogo wangu ni Jumamosi, Moshi, nami niko Dar. Nimwambieje meneja anipe Ijumaa?

Mwone ana kwa ana wiki mbili kabla, kisha umwandikie siku hiyohiyo, maana ruhusa ya mdomo husahaulika. Kinachomkwaza meneja mara nyingi si sherehe yenyewe, bali ni kutojua nani atashika kazi yako. Barua ya namna hii inatosha: "Naomba ruhusa ya siku moja, Ijumaa tarehe 14, nihudhurie sendofu ya mdogo wangu Moshi. Taarifa ya mauzo nitaikabidhi Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, na simu za wateja atazipokea mwenzangu wa dawati la pili, ambaye nimeshazungumza naye na amekubali. Naomba siku hiyo ikatwe katika likizo yangu ya mwaka. Nitarejea Jumatatu asubuhi." Usiandike neno "dharura" kwa shughuli ambayo kadi zake za mchango zimezunguka ofisini tangu miezi miwili iliyopita.

Kwani sheria hainipi siku ya harusi ya ndugu?

Haikupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake, na mwajiri akikukubalia ombi la siku moja yenye malipo katikati ya mwaka, anaruhusiwa kuipunguza katika hizo 28. Ndiyo maana nimeiweka sentensi ile ya kukatwa siku katika barua hapo juu: meneja akiisoma anajua kwamba huombi zawadi.

Nikisema nimefiwa si nitaruhusiwa haraka zaidi?

Swali hili limenichosha. Utaruhusiwa haraka, na Jumapili picha zako ukicheza na kamati ya maandalizi zitakuwa zimefika kwenye kundi la watsapu la ofisi. Tena, siku nne zenye malipo ambazo sheria inazitoa kwa msiba wa mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36 ya kazi mfululizo, hata misiba ikiwa miwili. Ukizitumia kwa uongo, utazikosa siku ya kweli.

Naweza kuomba kwa ujumbe wa simu?

Baada ya kuongea naye, ndiyo.

Nina miezi minne tu kazini, na arobaini ya baba inaangukia Jumatano. Nifanyeje?

Pole sana, mwanangu. Kabla ya kutimiza miezi sita kazini hujaistahili likizo yenye malipo, kwa hiyo omba waziwazi siku moja bila malipo, au ubadilishane zamu na mwenzako kwa idhini ya meneja. Kama kisomo kitaanza baada ya adhuhuri, omba kutoka saa sita. Nusu siku ni rahisi zaidi kuipata. Mweleze pia arobaini ni nini iwapo yeye si wa desturi hiyo, kwani wapo wanaodhani msiba huisha siku ya maziko.