Maswali na majibu: kusuka juu ya picha kabla ya kusuka kichwani

Nimemchorea mteja twende kilioni kwenye picha yake ya mbele, kwa programu ya picha. Njia nimezipima zote zikalingana, lakini kichwa kimekuwa bapa kama ubao. Kasoro iko wapi?

Kasoro ni huko kulingana kwenyewe. Njia hulingana kichwani, si kwenye picha. Fuvu ni mviringo, na kadiri unavyokaribia sikio ndivyo ngozi inavyoigeuzia kamera ubavu, hivyo nafasi ile ile huonekana nyembamba zaidi.

Chukua picha ambayo kutoka katikati ya kichwa hadi ukingo wa pembeni kuna pikseli 300, na njia ya kwanza ipite katikati. Ukizipanga nyingine kila baada ya digrii 20 za mzunguko wa fuvu, zitaangukia pikseli 103, 193, 260 na 295 kutoka katikati. Kwa hiyo nafasi ya tuta la kwanza ina upana wa pikseli 103, la pili 90, la tatu 67, na la mwisho 35 tu. Kichwa cha mtu si mpira kamili, basi usizishike namba hizi kama sheria. Kinachotakiwa ni upungufu wenyewe: mdogo karibu na katikati, mkali pembeni.

Kama uso umegeuka kidogo, usianzie katikati ya picha. Fuata mgongo wa pua upande nao hadi kwenye paji, uupitishe utosini, na hiyo ndiyo njia yako ya katikati hata ikiwa imesogea upande mmoja.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Tuta limeinuka na njia imelala chini yake, kwa hiyo pembeni mwa kichwa tuta huificha njia iliyo nyuma yake. Njia za utosini zionekane wazi, zinazofuata ziwe nyembamba, na zile za karibu na ukingo zibaki kama kivuli tu kati ya tuta na tuta. Ukizichora zote kwa unene mmoja, kichwa kitarudi kuwa bapa hata kama vipimo ni sahihi. Rangi ya njia ichote kwenye ngozi ya paji karibu na nywele, upande wa mwanga kwa njia za upande huo, na upande wa giza kwa zilizobaki. Nyeupe usiiguse.

Nina brashi yenye umbo la msuko, naiburuta tu na tuta linajichora. Mbona nywele zinang'aa kama plastiki?

Kwa sababu brashi hiyo imebeba mng'ao wake ndani. Kila tuta linapokata kona, brashi inageuka nalo na mng'ao unageuka pia, na matokeo yake kila tuta lina taa yake. Brashi ya msuko ibaki na umbo peke yake, rangi ya giza isiyo na mwanga wowote. Mng'ao uje baadaye, kwenye leya yake.

Ili kuuweka mahali pake, utazame msuko kwa karibu. Nywele za tuta haziendi kisogoni moja kwa moja. Kila pindo hukata mshazari, moja likielekea kushoto na linalofuata kulia, hutuna katikati kisha huzama chini ya jirani yake. Panapong'aa ni pale pindo lilipotuna. Pale linapozama ni giza. Mng'ao wa tuta kwa hiyo ni vidoa vilivyokatika, kimoja kwa kila pindo, wala si mstari mmoja mrefu unaoteleza mgongoni.

Halafu kuna kichwa kizima, ambacho nacho kina umbo lake mbele ya mwanga. Vidoa vya matuta yote hukolea kwenye ukanda mmoja unaovuka kichwa, na nje ya ukanda huo hufifia hadi kupotea.

Mimi hufanya hivi. Juu ya umbo la giza naweka leya ya vivuli kwa `Multiply`, nikikoleza panapozama pindo na kando ya tuta linapogusana na ngozi. Juu yake leya ya `Screen`, ambapo naweka kidoa kifupi kwenye kila pindo la kila tuta, vyote kwa nguvu moja, bila kujali mwanga. Kisha naipa leya hiyo maski, naijaza nyeusi yote, na kwa brashi kubwa laini nafungua kwa nyeupe ukanda ule peke yake, kingo zake zikiwa za kijivu. Vidoa vya nje ya ukanda vinazimika vyenyewe, na mwanga ukikosea unarekebisha maski bila kugusa msuko.

Upande wa mwanga utausoma usoni: kimeta kilicho kwenye mboni za macho, na kivuli cha pua. Mwanga ukiwa unatoka ubavuni, mapindo ya mshazari mmoja yatang'aa kuliko ya mshazari mwingine, kwa sababu unywele hung'aa zaidi mwanga unapoukata kuliko unapoenda sambamba nao. Punguza kidogo vidoa vya mshazari ulio dhaifu. Ukimaliza, ipunguze picha hadi iwe na ukubwa wa kucha. Vidoa viungane kuwa mwanga mmoja juu ya kichwa. Vikionekana kama chenga zilizotawanyika, ukanda wako umekosewa.

Kwenye picha mteja ana afro kubwa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye fuvu, si kwenye ukingo wa afro. Matuta yakipangwa juu ya afro humpa mtu kichwa kikubwa kupita kiasi. Kwa mtu mzima anayetazama kamera sawasawa, macho hukaa takriban nusu ya njia kati ya kidevu na kilele cha fuvu. Pima kutoka machoni hadi kidevuni, urudishe kipimo hicho juu ya macho, halafu ongeza unene mdogo wa tuta. Afro iliyobaki nje ifute na ujaze mandhari ya nyuma. Hiyo ndiyo kazi itakayokula muda, na ukuta mtupu nyuma ya mteja hukupunguzia mengi.

Na rasta? Zinaning'inia, njia si zinafichika?

Juu hazifichiki. Kila rasta huota katikati ya kiboksi chake, na viboksi vya safu moja hupangwa vikipishana na vya safu inayofuata, kama matofali ukutani, ili njia zisifungue uwazi mrefu. Chora viboksi hivyo kwanza, vikibanana kuelekea pembeni kama ilivyo kwa matuta.

Mng'ao hapa una sehemu mbili. Rasta ikitoka kichwani hujikunja na kuanguka, na kwenye mkunjo huo wa juu ndipo mwanga wa kutoka juu hukolea. Chini ya hapo imekuwa kama kamba iliyosimama, na vidoa vyake hushuka upande uliotazama mwanga. Nywele za bandia hung'aa kuliko za asili, kwa hiyo vidoa viwe vikali na vyembamba zaidi.

Mteja amesema njia ya ubavuni nimeiweka upande usio wake, na mimi nimefuata picha. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Simu nyingi huonyesha selfi ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, na nyingine huihifadhi hivyo hivyo. Tafuta maandishi kwenye nguo au doa la usoni analolijua mwenyewe, na vikiwa kinyume uigeuze picha kabla ya kuchora. Ukiigeuza baada ya kuchora, njia nayo itahama upande.